Runinga: waya au Wi-Fi? Na kama ni Wi-Fi, bendi ipi? Maswali tunayoulizwa na wateja wa Dar

Kazi yangu ni kufunga mitandao ya majumbani, Mbezi mpaka Kigamboni. Simu nyingi za usiku zinahusu runinga: picha imeganda, kaduara kanazunguka, na wageni wamekaa sebuleni. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa wateja.

Nipe jibu la haraka. Nichague nini?

Kama waya unaweza kufika kwenye runinga bila kuvunja nyumba, weka waya. Kama hauwezi, na ruta iko chumba kimoja na runinga au imetenganishwa na ukuta mmoja tu, tumia bendi ya Wi-Fi ya gigahezi 5. Ile ya gigahezi 2.4 ibaki kwa runinga iliyo mbali sana au isiyo na uwezo wa kupokea nyingine.

Kabla ya kununua chochote, soma swali linalofuata. Nimeshakuta watu wamevuta waya mita ishirini kutibu ugonjwa ambao haukuwa ndani ya nyumba.

Nitajuaje kama tatizo ni Wi-Fi yangu au ni mtandao unaoingia nyumbani?

Subiri saa ile ile ambayo runinga hukwama. Kwa wengi ni kati ya saa mbili na saa tano usiku. Usipime saa nne asubuhi ukiwa peke yako nyumbani, kwa sababu muda huo kila kitu huenda vizuri.

Chukua simu, simama mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, unganisha kwenye ile Wi-Fi ya gigahezi 5, kisha fungua fast.com. Pima mara tatu. Halafu nenda kwenye runinga yenyewe. Ukifungua Netflix, ndani ya sehemu ya msaada kuna Check Your Network. Kwenye YouTube, cheza video yoyote, ingia kwenye mipangilio yake na uwashe Stats for nerds. Utaona Connection Speed, na chini yake Buffer Health, yaani sekunde ngapi za video zimeshahifadhiwa mbele ya pale unapoangalia.

Sasa linganisha. Kama umelipia megabiti 20 na simu kando ya ruta inapata 4, tatizo liko nje. Waya hautakusaidia wala bendi haitakusaidia. Mpigie anayekuuzia mtandao. Kama kando ya ruta unapata 19 na kwenye runinga unapata 5, basi tatizo liko kati ya ruta na runinga, na ukurasa huu ni wako.

Usipime runinga kwa kutumia simu uliyoishika katikati ya sebule. Redio ya Wi-Fi ya runinga iko nyuma yake, imebanwa kati ya bati la mgongo wa runinga na ukuta, kwa hiyo hupokea vibaya kuliko simu iliyo mkononi mwako. Ukitaka kutumia simu, iingize nyuma ya runinga, karibu na ukuta, ndipo usome.

Runinga inahitaji kasi gani hasa?

Ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Netflix wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p na 15 kwa 4K. YouTube wanataja 20 kwa 4K. Basi.

Ndiyo maana swali la "ipi ina kasi zaidi" huwapoteza wengi. Kifurushi chako kikiwa cha megabiti 20, hakuna waya wala bendi itakayokupa 21 kutoka kwenye intaneti. Unachotafuta ni njia ya ndani ambayo haishuki chini ya mahitaji ya picha hata kwa sekunde chache, usiku ule ambao jirani zako wote wako mtandaoni.

Mbona filamu zinaenda vizuri lakini mpira wa moja kwa moja unakwama?

Kwa sababu ya akiba. Filamu imeshakamilika na iko kwenye seva, kwa hiyo runinga huwahi kupakua dakika nzima au zaidi mbele yako. Wi-Fi ikipotea sekunde tano wewe huoni kitu, runinga inakula akiba. Mpira wa moja kwa moja hauna mbele ya kupakua, maana goli halijafungwa bado. Akiba yake ni sekunde chache tu. Wi-Fi ikiteleza kidogo, picha inaganda, na jirani mwenye dishi anapiga kelele za goli wakati wewe bado unaangalia kona.

Kwa hiyo nyumba ya watu wa filamu inaweza kuvumilia Wi-Fi ya wastani. Nyumba inayosubiri mechi ya Simba na Yanga kwa njia ya intaneti, mimi naishauri waya bila kubahatisha.

Fundi, hiyo "5G" ya ruta si itanimalizia bando?

Hili naulizwa hasa na kina mama wenye nyumba, na ni swali la haki. Ile "5G" inayoonekana mwishoni mwa jina la Wi-Fi yako maana yake ni gigahezi 5, masafa ya redio kati ya ruta na vifaa vyako vya ndani. Haina uhusiano na 5G ya minara ya simu, ambayo ni kizazi cha tano cha mtandao wa simu. Ruta ya faiba isiyo na laini kabisa inaweza kuwa na "5G" kwenye jina lake, na ruta ya laini ya 4G inaweza kuwa nayo pia.

Bendi yenyewe hailambi bando. Kinacholamba ni ubora wa picha. Netflix wanasema saa moja ya 4K inaweza kufika gigabaiti 7, na saa moja ya ubora wa juu wa kawaida gigabaiti 3. Sasa, njia ikiwa nzuri na runinga ikiwa imeachwa kwenye Auto, yenyewe itapanda mpaka kwenye picha nzito. Kwa maana hiyo shemeji aliyeniambia "tangu ulipobadilisha bando linaisha upesi" hakuwa anasingizia. Mwenye kifurushi chenye kikomo ashushe ubora kwenye programu, aiache bendi ilivyo.

Kati ya 2.4 na 5, ipi ina kasi?

Ya 5, ikikufikia.

Sababu ya kwanza ni upana wa njia. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli moja kwa kawaida ina upana wa megahezi 20. Kwenye gigahezi 5 ruta hutumia megahezi 80 bila shida, mara nne ya hapo.

Sababu ya pili, ambayo Dar ina uzito kuliko ya kwanza, ni msongamano. Wi-Fi ni kama kikao chenye kipaza sauti kimoja: wote walio kwenye chaneli moja hungoja zamu, hata kama ni wa nyumba tofauti wasiojuana. Bendi ya 2.4 ina chaneli 13, lakini zinalaliana, na zile zisizogusana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Simama kwenye ghorofa la Upanga au Kariakoo usiku, washa programu ya kuchunguza Wi-Fi kama WiFiman, utahesabu mitandao ishirini imegombania chaneli hizo tatu. Ongeza hapo maikrowevu, ambayo hufanya kazi kwenye gigahezi 2.4 hizo hizo, na vifaa vya Bluetooth. Kuna nyumba niliyoitwa Mikocheni ambako runinga ilikwama kila siku mwenye nyumba akirudi kutoka kazini. Alikuwa anapasha wali.

Udhaifu wa 5 ni ukuta. Tofali la saruji lenye plasta pande mbili linaikata kuliko linavyoikata 2.4, na zege lenye nondo, kama slabu kati ya ghorofa, linaikata vibaya zaidi. Lakini ukuta huo huo unawazuia na majirani. Mtandao wa 5 wa nyumba ya pili haufiki kwako kukuchukulia zamu.

Kipimo ninachokitumia ni nguvu ya mawimbi nyuma ya runinga, ambayo programu huonyesha kwa namba yenye alama ya kutoa, mfano -58 dBm. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Bendi ya 5 ikiwa -67 au bora zaidi ya hapo, naichagua bila kufikiri. Ikishuka mpaka -75 naanza kutafuta njia ya waya, au ya kuhamisha ruta. Pima milango ikiwa imefungwa, jinsi mnavyoishi usiku.

Simu inaiona Wi-Fi ya 5 lakini runinga haioni. Runinga ni mbovu?

Mara nyingi si mbovu. Kuna mambo mawili.

La kwanza, runinga haina redio ya 5. Runinga nyingi za bei nafuu zinazouzwa mjini zina 2.4 pekee. Tazama karatasi ya sifa au kwenye boksi: ikiandikwa 802.11 b/g/n tu, basi uwezekano mkubwa ni 2.4 peke yake. Ukiona herufi ac au ax pamoja na 5GHz, inayo. Runinga ya 2.4 pekee ndiyo inayofaidika na waya kuliko zote, na cha kuchekesha ni kwamba nyingi zina tundu la waya nyuma ambalo halijawahi kuguswa tangu stika ya dukani.

La pili linawashangaza hata mafundi. Chaneli za 5 hazifanani. Zile za 36, 40, 44 na 48 ni za wote. Kuanzia 52 mpaka 144 zinatumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa, na ruta inatakiwa isikilize kwanza kabla ya kurusha, na ihame ikisikia rada. Runinga nyingi haziunganishwi kwenye chaneli hizo kabisa. Ruta ikiwa kwenye Auto inaweza kuhamia chaneli 100 usiku wa manane, na asubuhi runinga inasema mtandao haupo ilhali simu inauona. Unazima ruta, unawasha, inarudi 36, runinga inapona, na watu wanasema "ukiwasha na kuzima inapona". Inapona mpaka itakapohama tena. Tiba ni kuingia kwenye ruta na kuifunga kwenye 36 au 44.

Ruta yangu ina jina moja tu la Wi-Fi. Nachaguaje bendi?

Ruta za siku hizi huunganisha bendi mbili chini ya jina moja na kuamua zenyewe kifaa kiende wapi. Kwa simu inayotembea nyumbani huo ni mpango mzuri. Kwa runinga isiyosogea ni kero, maana umeme ukikatika na kurudi, bendi ya 2.4 huwahi kuwaka, runinga inaikumbatia, na haiiachi tena.

Zitenganishe. Kwenye simu iliyounganishwa na ruta, fungua kivinjari uandike anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1, 192.168.8.1 au 192.168.100.1. Jina na nywila ya kuingilia vipo kwenye kibandiko hicho hicho. Tafuta Smart Connect au Band Steering, zima, kisha panga hivi, SSID ikiwa ni jina la Wi-Fi na Width upana wa chaneli:

```
2.4 GHz  SSID: Nyumbani     Channel: 1, 6 au 11   Width: 20 MHz
5 GHz    SSID: Nyumbani-5   Channel: 36           Width: 80 MHz
```

Kati ya 1, 6 na 11 chagua ile ambayo programu inaonyesha ina mitandao michache au dhaifu zaidi. Usijiwekee 3 au 9 ukidhani umepata upenyo. Utakuwa unagongana na pande mbili badala ya moja.

Kisha nenda kwenye runinga, uingie Nyumbani-5, na hatua ambayo watu huiruka: ifanye runinga iusahau kabisa mtandao wa Nyumbani. Usipofanya hivyo, siku moja itarudi huko kimyakimya. Kama una spika au kamera za 2.4, hizo zibaki na jina la zamani, hazitajua kitu kimebadilika.

Waya si una kasi kuliko Wi-Fi siku zote?

Kwenye runinga, hapana, na hapa wauzaji wa waya hawatakwambia. Tundu la waya la runinga nyingi, hata za 4K za bei kubwa, lina kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde. Ukitoa gharama za njiani, unapata kama 94. Runinga hiyo hiyo ikiwa mita tatu kutoka kwenye ruta kwa bendi ya 5 inaweza kupata 200 au zaidi.

Je, inakuhusu? Kama unaangalia Netflix, YouTube na mpira, haikuhusu hata kidogo, kwa sababu picha nzito kuliko zote hapo inataka 20 na waya unakupa 94 zisizotikisika. Inamhusu mtu mmoja: aliyehifadhi filamu nzito za 4K kwenye kompyuta au kwenye diski ya mtandao hapo nyumbani, mafaili ambayo kwenye mapande mazito huvuka megabiti 100. Kwake yeye 5 ya chumba kimoja inaushinda waya. Wengine wote wasidanganywe na namba kubwa ya kipimo. Anayepata 200 leo na 8 kesho saa tatu usiku hana alichopata.

Nionyeshe mfano halisi.

Kijitonyama, nyumba ya vyumba vitatu, kifurushi cha faiba cha megabiti 30. Faiba imeingilia jikoni, na ruta ikawekwa juu ya friji, pembeni ya maikrowevu. Runinga ya 4K iko sebuleni, kama mita tisa, katikati kuna ukuta wa jikoni wenye vigae, korido, na ukuta wa sebule. Mama mwenye nyumba akanipokea na maneno haya: "Baba, mimi nalipa ya kasi, lakini naangalia mpira kama picha za mnato."

Saa tatu usiku, kando ya ruta, simu ilisoma 29. Kwa hiyo mtandao wa nje ulikuwa mzima. Kwenye runinga, kwa bendi ya 2.4, vipimo vitatu mfululizo: 6, 13, 4. Nguvu ya mawimbi ilikuwa -61, ambayo si mbaya. Hapo ndipo utambue: mawimbi mazuri na kasi mbovu maana yake ni msongamano. Chaneli yake ilikuwa 6, na mitandao mingine tisa ilikuwa hapo hapo.

Nikaihamishia runinga kwenye 5. Mawimbi -76. Kasi 18 mlango wa korido ukiwa wazi, 9 ukifungwa. Kwa 1080p ingetosha, kwa 4K isingetosha.

Hatua ya kwanza haikugharimu kitu: nikaishusha ruta kutoka juu ya friji, ambayo ni sanduku la chuma, nikaitundika kwenye ukuta upande wa mlango wa jikoni kadiri kipande cha faiba kilivyofika. Mawimbi yakawa -68 na kasi 26. Ningeweza kuishia hapo, na kwa mpangaji anayehama baada ya miezi sita ningeishia hapo. Lakini nyumba ni yao na mzee ni mtu wa mpira, na tayari kulikuwa na waya uliopitishwa juu ya dari na fundi aliyetangulia, "ambao haukufanya kazi". Nikauliza kwa nini. Wakasema ukichomekwa runinga inakuwa nzito kuliko Wi-Fi.

Na ule waya ulikuwa na tatizo gani?

Nilipochomeka kipima waya, kile cha taa nane, zote ziliwaka kwa mpangilio, 1 mpaka 8. Fundi aliyetangulia angeapa kwamba waya ni mzima. Nikaangalia kichwa chenyewe kwa tochi. Alikuwa amepanga jozi kwa jozi: chungwa mbili, kisha kijani mbili, kisha buluu mbili, kisha kahawia mbili, pande zote sawa. Inapendeza machoni. Ni makosa.

Nyaya nane ndani ya waya wa mtandao zimesokotwa mbili mbili, na ule msokoto ndio unaozuia kelele. Runinga ya megabiti 100 inatumia pini ya 1 na 2 kama jozi moja, na ya 3 na 6 kama jozi nyingine. Ukipanga kama alivyopanga yeye, ya 3 inaangukia kwenye kijani na ya 6 kwenye buluu. Umeme unapita, taa zinawaka, lakini nyaya mbili zinazofanya kazi pamoja hazijasokotwa pamoja. Kwenye kipande cha mita moja hutaona tofauti. Kwenye mita kumi na nne, data inaharibika njiani na kutumwa upya, ndio huo uzito.

Mpangilio sahihi, klipu ya kichwa ikiwa upande wa chini na pini ya kwanza ikiwa kushoto:

```
1 nyeupe-chungwa   5 nyeupe-buluu
2 chungwa          6 kijani
3 nyeupe-kijani    7 nyeupe-kahawia
4 buluu            8 kahawia
```

Nilikata vichwa viwili, nikabana vipya, dakika kumi. Runinga ikasoma 29, mara tatu, na saa tano usiku 29 tena. Waya ni ule ule wa zamani.

Ninunue waya gani Kariakoo?

Cat5e inatosha, Cat6 haina ubaya. Zote zinaenda mpaka mita 100, na sebule yako haifiki huko. Cha kuangalia ni shaba. Kuna waya ulioandikwa CCA kwenye ganda, yaani alumini iliyopakwa shaba, na upo ambao haujaandikwa. Muombe muuzaji kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukibaki mwekundu, ni shaba; ukitokea weupe, ni alumini. Wa alumini utafanya kazi siku ya kwanza, lakini hukatika ndani ukikunjwa mara kwa mara nyuma ya kabati la runinga, na hutaona ulipokatikia.

Kama hutaki kubana vichwa, nunua uliokwisha kubanwa kiwandani wa urefu unaokutosha. Ule bapa unaopita chini ya zulia au mlango unafaa kwa umbali wa sebule. Usiupitishe bomba moja na nyaya za umeme wa nyumba.

Natumia ruta ya laini. Kwangu inakuwaje?

Kwako kuna mvutano ambao wa faiba hana. Ruta ya laini inataka kukaa pale inapouona mnara vizuri, mara nyingi dirishani au ghorofani, na pale mara nyingi ni mbali na runinga. Watu huisogeza karibu na runinga ili Wi-Fi iwe nzuri, wakaua mawimbi ya mnara. Iache dirishani, pima kando yake, kisha leta waya kutoka hapo mpaka kwenye runinga. Angalia tu kama ruta yako ina tundu la waya, lile la LAN. Zile ndogo za mfukoni hazina.

Na ukipima kando ya ruta usiku ukapata 3 wakati mchana ni 25, mnara umejaa. Waya hauondoi foleni ya mnara.

Kirudisha mawimbi, kile cha kuchomeka ukutani, kinasaidia?

Kidogo. Cha bei rahisi hupokea na kurusha kwenye bendi ile ile, kwa hiyo kila kitu kinasemwa mara mbili na kasi hushuka karibu nusu. Kama huna njia nyingine, kiweke nusu ya safari, mahali ambapo chenyewe bado kinapata mawimbi mazuri. Wengi hukiweka nyuma ya runinga, pale pale ambapo mawimbi yamekwisha.

Naogopa radi. Waya hauleti?

Waya wa ndani ya nyumba moja hauongezi hatari kubwa kuliko nyaya za umeme ulizonazo. Waya uliopita nje, kutoka nyumba kubwa kwenda ya uani, huo uuogope, hasa masika na vuli: radi ikipiga jirani, tundu la ruta na la runinga yanaweza kwenda pamoja. Kati ya nyumba na nyumba ni bora upitishe faiba. Na vichwa vilivyo nje, kwa hewa yetu ya chumvi, pini hushika kutu, hasa karibu na bahari. Mvua ikianza kunguruma chomoa waya wa mtandao pamoja na wa umeme; kuchomoa umeme peke yake ni nusu ya kazi.

Nimechomeka waya. Nitajuaje kama runinga inautumia?

Angalia taa ya tundu kwenye ruta: iwake, na ipepese video ikicheza. Isipowaka kabisa, kichwa hakijaingia mpaka kikasema "tik", au kuna uzi uliokatika. Kisha kwenye runinga ingia Settings, Network, uone imeandikwa Wired au Ethernet. Runinga nyingine hubadilisha zenyewe, nyingine zinangoja uchague. Ukitaka uhakika, zima Wi-Fi ya ruta kwa dakika mbili huku video ya moja kwa moja ikiendelea. Kama watoto hawajapiga kelele, ni waya.